Mega Moja ni Faranga Ngapi? Kuchagua Kifurushi cha Intaneti Rumonge

Mtu anayetumia intaneti nyingi Rumonge, awe mwenye duka la fotokopi karibu na soko, mwanafunzi anayesoma kwa mbali, au mfanyabiashara wa mawese anayetumiana video za mzigo na wateja wa Bujumbura, Kigoma na Uvira, hakosi kifurushi cha kununua. Anachokosa ni njia ya kuvilinganisha. Lumitel, iliyoanza kazi Burundi mwaka 2015, ina orodha yake. Econet Leo ina yake. Onatel nayo ina yake. Katika orodha hizo kuna vifurushi vya siku, vya wiki, vya mwezi, vya usiku, na kila kimoja kina bei, ukubwa na muda wake. Ukivitazama juu juu, macho huvutwa na bei ndogo au na wingi wa giga, na vyote viwili vinaweza kukupoteza.

Kazi ya kwanza ni kuvileta vyote kwenye kipimo kimoja, yaani faranga kwa mega moja. Unachukua bei ya kifurushi, unaigawanya kwa idadi ya mega zake. Kama kimeandikwa kwa giga, zidisha kwa 1,000 kwanza. Kampuni nyingine huhesabu giga moja kuwa mega 1,024, lakini tofauti hiyo haifiki hata asilimia 3, haitabadilisha uamuzi wako. Muhimu ni kutumia kipimo kile kile kwa wote.

Bei za kweli hupanda na huenda zimebadilika tayari unaposoma haya, kwa hiyo nitatumia bei za mfano nilizozichagua kwa wepesi wa hesabu tu. Si za kampuni yoyote. Wewe utaweka za kwako mahali pake.

- Cha siku: mega 700 kwa faranga 1,500, kinakufa saa sita usiku. Mega moja ni faranga 2.14.
- Cha wiki: mega 3,000 kwa faranga 6,000, siku 7. Mega moja ni faranga 2.
- Cha mwezi: mega 20,000 kwa faranga 30,000, siku 30. Mega moja ni faranga 1.50.
- Kikubwa cha mwezi: mega 50,000 kwa faranga 60,000, siku 30. Mega moja ni faranga 1.20.
- Cha usiku: mega 5,000 kwa faranga 4,000, usiku 7, kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Mega moja ni senti 80 za faranga, yaani 0.80.

Watu wengi wanaojua kugawanya huishia hapa. Wanaona cha usiku ndicho rahisi, kikubwa cha mwezi kinafuata, wanatoa pesa. Lakini hesabu hii ni ya karatasini. Inadhani utazimaliza mega zote ulizonunua kabla muda haujaisha, na hapo ndipo pesa hupotelea. Mega zina siku zake kama ndagala wabichi: kununua kapu zima kwa bei nafuu kuna faida ikiwa utawauza au kuwaanika kabla hawajaharibika, vinginevyo wale uliowauza ndio wanaobeba bei ya waliooza. Bei inayokuhusu hasa ni bei ya kifurushi ikigawanywa kwa mega ulizozitumia, wala si kwa mega ulizopewa.

Ili kuijua bei hiyo, sharti kwanza ujue unatumia kiasi gani. Hapa watu hukisia, na makisio karibu yote huwa mabaya, kwa sababu intaneti hailiwi na kile unachokiona tu. Simu hupakua picha na video za makundi ya WhatsApp bila kuulizwa. Duka la programu husasisha programu usiku na mchana. Kompyuta ya Windows ikiunganishwa na simu kwa waifai hudhani iko kwenye mtandao usio na hesabu, ikaanza kushusha masasisho yenye uzito wa mamia ya mega. Ziba mianya hii kabla ya kupima, la sivyo utapima uvujaji ukadhani ndiyo matumizi yako. Kwenye WhatsApp zima upakuaji wa moja kwa moja unapotumia data ya simu. Kwenye duka la programu ruhusu masasisho kwa waifai peke yake. Kwenye Windows ya Kifaransa, ambayo ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi za kwetu, fungua sifa za waifai uliyounganishwa nayo na uwashe `Connexion limitée`.

Ubora wa video nao uamue mapema. Netflix yenyewe huwaeleza wateja wake kwamba saa moja ya video ya ubora wa chini hula karibu mega 300, ya kati karibu mega 700, na ya juu ya HD inaweza kufika giga 3. Majukwaa mengine yana namba zao, lakini mpangilio ni huo huo: mtu yule yule, akitazama saa zile zile, anaweza kuhitaji mara kumi zaidi kwa sababu tu ameiachia simu ijichagulie ubora. Kwenye skrini ya simu ya kawaida ubora wa 360p unatosha kwa somo, mahubiri au taarifa ya habari.

Baada ya hapo pima wiki nzima, Jumatatu hadi Jumapili. Simu za Android zina ukurasa wa matumizi ya data kwenye mipangilio ya mtandao, na unaonyesha kila laini peke yake. Kila usiku kabla ya kulala andika daftarini namba ya siku hiyo. Usichukue jumla ya wiki peke yake, maana umbo la wiki, yaani siku zipi ni nzito na zipi ni nyepesi, ndilo litakaloamua kama kifurushi cha siku kinakufaa. Kama mtandao unaugawa kwenye kompyuta au kwa wenzako, simu inayogawa huhesabu vyote, na hilo ndilo unalotaka.

Tuchukue mwenye duka la fotokopi na kuchapisha, mjini Rumonge. Anapokea nyaraka za wateja kwa WhatsApp na barua pepe, anawajazia watu fomu za mtandaoni, anashusha masomo na nyimbo. Baada ya kuziba mianya, wiki yake inasomeka hivi: Jumatatu mega 1,100, Jumanne 800, Jumatano 700, Alhamisi 700, Ijumaa 900, Jumamosi 1,200, Jumapili 200. Jumla ni mega 5,600, wastani wa mega 800 kwa siku, na kwa siku 30 ni mega 24,000.

Akinunua vya siku, karatasini analipa faranga 2.14 kwa mega. Tazama kinachotokea. Jumatatu kifurushi kimoja cha mega 700 hakimtoshi, ananunua cha pili, anatumia 400 kati ya zake, na saa sita usiku 300 zinakufa. Jumanne anahitaji 100 tu zaidi ya kifurushi kimoja, lakini hakuna anayemuuzia 100, ananunua 700 nyingine na 600 zinakufa. Jumatano na Alhamisi zinamkaa sawasawa. Ijumaa na Jumamosi ni vifurushi viwili viwili, na Jumapili kimoja ambacho hata nusu yake hakifiki. Hivyo ni vifurushi 11 kwa wiki, faranga 16,500. Gawanya kwa mega 5,600 alizozitumia kweli: faranga 2.95 kwa mega moja. Amepoteza mega 2,100, zaidi ya robo ya alizonunua, na kwa siku 30 atakuwa ametoa karibu faranga 70,700.

Kuna kampuni ambazo siku yao ni saa 24 tangu kununua, na nyingine siku huisha usiku wa manane. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mtu kama huyu. Kwa saa 24, mega 600 zilizobaki Jumanne jioni zingemfikisha Jumatano mchana. Ujumbe unaoupokea baada ya kununua huandika tarehe na saa ya mwisho; usome, usiufute.

Cha wiki kina hadithi nyingine. Mega 3,000 humalizika kwake chini ya siku nne, mbali kabisa na siku 7. Hakuna kinachokufa, kwa hiyo bei ya karatasini na bei ya kweli ni moja, faranga 2. Kwa siku 30 anahitaji vifurushi vinane, faranga 48,000. Cha mwezi cha mega 20,000 nacho anakimaliza siku ya 25, ananunua kingine siku hiyo hiyo, hapotezi kitu. Mega moja ni faranga 1.50 kweli, na mahitaji ya siku 30 yanamgharimu faranga 36,000.

Sasa kile kikubwa, cha mega 50,000, ambacho karatasini kilikuwa na bei nzuri kuliko vyote vya mchana. Ndani ya siku 30 mtu wetu anatumia mega 24,000, na 26,000 zilizobaki zinakufa. Faranga 60,000 kugawanya kwa 24,000 ni faranga 2.50 kwa mega. Kimekuwa ghali kuliko cha wiki, na ghali mno kuliko cha mwezi kilicho kidogo kuliko hicho. Hili ndilo kosa la watumiaji wakubwa, na hufanywa na watu makini, kwa sababu wamepiga hesabu ya kugawanya na hesabu hiyo imewaambia wanunue kikubwa.

Kuna namna fupi ya kujua mapema kama kikubwa kitakulipa. Chukua bei ya kikubwa, igawanye kwa bei ya mega moja ya kile kidogo unachokimaliza siku zote. Hapa ni 60,000 kugawanya kwa 1.50, jibu mega 40,000. Maana yake, ni lazima utumie zaidi ya mega 40,000 ndani ya siku 30 ndipo kikubwa kianze kukuokolea kitu. Ukiwa chini ya hapo, hata kwa mega elfu moja, baki na kidogo. Namba hii mimi naiona ya thamani kuliko bei ya mega yenyewe, maana inakujibu swali moja tu: je, nafika?

Kama peke yako hufiki, huenda mkiwa wawili mnafika. Jirani mwenye matumizi kama hayo akiungana na mwenye duka wetu, wawili wanahitaji mega 48,000, na kifurushi cha 50,000 kinatumika karibu chote. Kila mmoja anatoa faranga 30,000 badala ya 36,000. Masharti yake si mepesi. Maduka yawe karibu kiasi cha waifai ya simu kufika, simu inayogawa ibaki dukani na chaji, na kifurushi kiwe kinaruhusu kugawa, kwa sababu baadhi huzuia. Tena zimebaki mega 2,000 tu za akiba, kwa hiyo mmoja akianza kutazama mechi kwa ubora wa juu wote wawili watazimika kabla ya mwezi kuisha. Weka neno la siri, na mwekeane kikomo cha siku. Bila makubaliano hayo heri kila mtu na chake.

Cha usiku kinastahili hesabu ya pekee, kwa sababu bei yake ya karatasini inapumbaza. Kati ya mega 5,600 za wiki za mwenye duka, tuseme 1,400 ni vitu vinavyoweza kusubiri: masasisho ya kompyuta, masomo ya video, nyimbo. Nyingine haziwezi, mteja aliyesimama kaunta hasubiri saa sita usiku. Akinunua kifurushi cha usiku kila wiki kwa faranga 4,000 na kutumia mega 1,400, kila mega imemgharimu faranga 2.86. Mega hizo hizo za mchana, kutoka kifurushi cha mwezi, zingemgharimu 1.50. Amekosa usingizi na amelipa karibu maradufu.

Tumia namna ile ile fupi: 4,000 kugawanya kwa 1.50 ni karibu mega 2,670. Kifurushi cha usiku hakimlipi mpaka ashushe zaidi ya hizo ndani ya usiku 7. Kwa hiyo avikusanye vitu vinavyosubiri, kwa mwezi ni mega 6,000, anunue cha usiku mara moja tu kwa mwezi na akimalize chote. Mega 5,000 alizozihamishia usiku zingemgharimu faranga 7,500 mchana. Amelipa 4,000, amebakiwa na 3,500.

Lakini je, mtandao utazishusha? Pima kasi ya usiku pale pale utakapoilaza simu. Vipimo vya kasi huandikwa kwa megabiti, na megabiti nane ndizo mega moja. Kasi ya megabiti 2 kwa sekunde ni robo ya mega kwa sekunde, yaani mega 900 kwa saa, na saa tano za usiku zinatoa mega 4,500. Usiku mbili zinatosha. Kasi ikiwa megabiti 0.2, saa moja ni mega 90, usiku mmoja 450, na usiku zote saba 3,150: kifurushi hakitakwisha, na faida yote inabaki chembe. Umeme nao uingie kwenye hesabu. Simu na kompyuta ziende kulala zikiwa zimejaa chaji, na tumia programu ya kupakua inayoendelea ilipoishia mtandao ukikatika, maana faili la mega 800 likianza upya mara mbili limekula mega zaidi ya uzito wake. Walio macho saa hizo kwa kazi nyingine, kama wanaosubiri mitumbwi ya ndagala irudi mwaloni, wana nafasi nzuri zaidi ya kunufaika na kifurushi hiki kuliko mwenye duka anayelala.

Mambo machache huharibu hesabu hata ukiwa umeigawanya vizuri. La kwanza ni mega zisizotumika kila mahali. Kifurushi cha WhatsApp peke yake kinaweza kuwa na bei ndogo sana kwa mega, lakini ukigusa kiungo cha video kilichotumwa kwenye kundi, unatoka nje ya WhatsApp na mega nyingine ndizo zinazoliwa. Mega za aina hiyo zihesabu kwa matumizi yako ya WhatsApp tu, uliyoyaona kwenye simu programu kwa programu. Zawadi nazo, zile mega za juu zinazotolewa wakati wa promosheni, ziingize kwenye mgawanyo ikiwa tu zina muda na ruhusa sawa na zile ulizonunua. Zawadi ya mega za usiku kwa mtu anayelala ni sifuri.

La pili ni kifurushi kinachoitwa bila kikomo. Karibu kila mara kuna kiasi ambacho ukikifikia kasi hushushwa hadi isifae kwa video wala kwa faili kubwa. Kigawanye kwa mega za kabla ya kushushwa. Kama masharti hayasemi ni ngapi, utazijua mwenyewe: andika namba ya matumizi kila kasi inapoanguka ghafla. Ikianguka kwenye namba ile ile mara mbili, wakati jirani mwenye mtandao huo huo anaendelea vizuri, hicho ndicho kikomo chenyewe.

La tatu ni salio. Kifurushi kikiisha katikati ya kazi, simu inaweza kuendelea kwa kutafuna salio la kawaida, na bei ya mega nje ya kifurushi huwa juu sana kuliko ya ndani. Faranga elfu kadhaa zilizokwenda namna hiyo huifuta akiba yote ya mwezi uliyoitafuta kwa kugawanya. Nunua kifurushi moja kwa moja kwa Lumicash au EcoCash inapowezekana, ili usiwe na salio la kuliwa, na weka kwenye simu kikomo cha data kilicho chini kidogo ya kifurushi. Kwa kifurushi cha mega 20,000, kikomo cha 19,500 kinakupa nafasi ya kununua kingine kwa hiari yako. Kama unalipa kwa wakala na kuna ada, ada hiyo ni sehemu ya bei, iongeze kabla ya kugawanya. Mega za kukopa zina ada yake pia, na ukizigawanya kwa uaminifu utaona ni za dharura tu.

Jaribu pia jambo moja dogo ambalo wauzaji hulijibu kila mtu kivyake: ukinunua kifurushi kipya wakati cha zamani kina mega zilizobaki, je, zinaunganishwa au zinafutwa? Nunua kifurushi kidogo kabisa ukiwa na mega chache zilizobaki, kisha uulize salio. Jibu likiwa zinaunganishwa na kupewa muda mpya, unaweza kununua siku moja kabla na hupotezi kitu. Zikifutwa, subiri hadi mwisho. Kwa njia hiyo hiyo linganisha hesabu ya simu na ya kampuni: anza kifurushi kipya, tumia mpaka simu ionyeshe mega 1,000, halafu uliza salio. Kupishana kidogo ni kawaida. Zikipishana kwa mega mia kadhaa, angalia kwanza kama laini ya pili haikuwa inatumia data, kisha chukua ujumbe wa ununuzi, tarehe na namba zako, uende kwenye ofisi ya huduma kwa wateja. Malalamiko yasiyotatuliwa yana mahali pa kufika, ni ARCT, taasisi inayosimamia mawasiliano nchini.

Hesabu zote hizi zinadhani mtandao upo. Ukanda wetu ni mwembamba, ziwa upande mmoja na milima ya Mirwa upande wa pili, na kijiji kilicho chini ya mteremko kinaweza kukosa mnara ambao mji wa jirani unauona vizuri. Laini inayokimbia katikati ya Rumonge inaweza kusuasua Minago au Kizuka. Kabla ya kununua cha mwezi, nunua cha siku cha kampuni hiyo na upime pale unapofanyia kazi, saa zako za kazi, hasa jioni watu wanapokuwa wengi mtandaoni. Mtandao dhaifu haukuibii mega moja kwa moja. Unakuzuia kuzitumia kabla muda haujaisha, na bei yako ya kweli inapanda kimya kimya. Ikiwa kampuni ya bei nzuri inashindwa jioni tu, weka kifurushi cha mwezi kwenye laini hiyo na kifurushi kidogo cha wiki kwenye laini ya pili, ukijua kwamba kila mega unayoihamishia huko ina bei yake.

Kwa wanaoshuka hadi Nyanza-Lac na kuelekea mpakani Tanzania, au wanaosafiri ziwani kwa biashara, simu inaweza kushika mnara wa nchi nyingine. Huko mega za nyumbani kwa kawaida hazihesabiwi, na data ya kigeni hutozwa kwa bei yake. Zima data ya ng'ambo, inayoandikwa `Itinérance des données` kwenye simu ya Kifaransa, na uchague mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu. Ukirudi Rumonge hakikisha umeirudisha simu kwenye kujichagulia mtandao yenyewe, kwa sababu simu iliyofungwa kwenye mtandao usiofika itakaa bila mawasiliano huku siku za kifurushi chako zikihesabiwa.